Wasifu wa nyumbani, wa ofisi, au wa kazi: upi umfae mthamini wa Mtwara?

Mteja wangu mmoja ni mthamini wa ardhi na majengo hapa Mtwara mjini. Nitamwita Bi. Fulani, na yeye mwenyewe ameridhia niyaeleze haya kwa sharti kwamba jina lake lisiwemo. Alikuja ofisini kwangu, ninapochapa barua, wasifu na maandiko ya zabuni, akiwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

"Mdogo wangu," aliniambia, "hii nataka uifute yote, kisha unisaidie kuandika nyingine."

"Imekosea nini, dada?"

"Haijakosea kitu. Kila kilichoandikwa ni kweli, na hapo ndipo shida ilipo."

Ilikuwa wasifu wake mfupi, ulioandikwa kwa ajili ya ratiba ya semina ya masuala ya fidia za ardhi. Ratiba ile ilipigwa picha, ikazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na wiki chache baadaye mzee mmoja akagonga hodi nyumbani kwake saa moja jioni. Alikuwa amekuja na jogoo na mfuko wa korosho zilizobanguliwa. Shamba lake lilikuwa limehesabiwa mikorosho, naye alitaka kumwomba dada aitazame upya ile hesabu. Hakuja kwa shari hata kidogo. Lakini mthamini akipokea jogoo usiku nyumbani kwake kutoka kwa mtu ambaye taarifa yake bado iko mezani, sahihi yake kwenye taarifa hiyo imeshapata doa, hata kama hajabadilisha namba moja. Na akimrudisha mzee wa watu na jogoo wake gizani, inamuuma rohoni. Dada alimkaribisha maji, akamweleza njia halali ya kupeleka malalamiko, akamsindikiza mpaka barabarani na zawadi zake. Usiku ule hakulala vizuri.

Nilimuuliza mzee alifikaje, maana karatasi haikuwa na namba ya nyumba. Alisema alifika Shangani akaulizia "yule ofisa wa bandari ambaye mkewe ni mthamini". Aliyemwonyesha mlango ni mtoto wa jirani.

Basi tukakaa tukaandika wasifu wa aina tatu kwa mtu yuleyule, tukaziweka karatasi tatu mezani kando kwa kando. Nazileta hapa kama zilivyokuwa, nikiwa nimeondoa majina tu, kwa sababu mawakili, wahasibu, wapima ardhi na wakunga wa huku kusini huniletea karatasi inayofanana na ile ya kwanza karibu kila mwezi.

Karatasi ya kwanza: wasifu wa nyumbani

> Bi. Fulani alizaliwa Newala mwaka 1984, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Fulani, mwalimu mkuu mstaafu, na marehemu Bi. Fulani binti Fulani. Ameolewa na ofisa wa bandari na wamejaliwa watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la pili. Anaishi Shangani, Mtwara. Ni mthamini aliyesajiliwa mwenye uzoefu mkubwa na wa muda mrefu, mchapakazi na mpenda haki. Jioni hupenda kutembea ufukweni na familia yake.

Karatasi ya pili: wasifu wa ofisi

> Sisi ni ofisi ya wathamini waliobobea, yenye makao yake Mtwara. Timu yetu ya wataalamu hutoa huduma bora za uthamini wa aina zote kwa watu binafsi, taasisi na mashirika, ndani na nje ya mkoa. Tunazingatia weledi, uadilifu na muda.

Karatasi ya tatu: wasifu wa kazi

> Bi. Fulani ni mthamini aliyesajiliwa kikamilifu na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ana shahada ya usimamizi wa ardhi na uthamini ya Chuo Kikuu Ardhi. Tangu 2011 anathamini nyumba, viwanja na mashamba ya mikorosho na minazi katika mikoa ya Mtwara na Lindi, kwa ajili ya mikopo ya benki, mirathi na fidia. Huhesabu mazao shambani mbele ya mwenye shamba na kiongozi wa kijiji, na huzungumza nao kwa Kiswahili au Kimakonde. Hupatikana kwa miadi, kwa simu ya ofisi au kwa sanduku la posta.

Soma ya kwanza tena na utafute kazi ndani yake. Sentensi ziko tano, na inayohusu kazi ni moja tu. Hiyo moja nayo haimsaidii meneja wa mikopo wa benki, kwa sababu "uzoefu mkubwa na wa muda mrefu" hauhakikiki popote. Wala hakuna mthamini ambaye ataandika kwamba yeye ni mvivu na mchukia haki. Wakati huohuo sentensi nne zilizobaki zina mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyahakiki kwa kutembea kwa miguu: mtaa, kazi ya mume, idadi ya watoto, darasa la mtoto mdogo, saa ya kutoka nyumbani na mahali pa matembezi. Kinachotakiwa kuthibitishika hakithibitishiki, na kisichotakiwa kinathibitishika kwa nusu saa.

Najiuliza kwa nini watu wasomi kabisa huandika hivi, na jibu nililolipata kwa kuchapa karatasi za namna hii miaka kadhaa ni kwamba wasifu ambao wengi wetu tumeusikia ukisomwa kwa sauti, mbele ya watu, ni wasifu wa marehemu. Huanza na kuzaliwa, ukaja kwa wazazi, elimu, ndoa, watoto, na kazi ikatajwa katikati. Umbo hilo limetuingia masikioni, nasi tukiambiwa "tuletee wasifu wako" mkono unakwenda wenyewe kwenye "alizaliwa". Msibani umbo hilo lina kazi yake: ndugu waliotawanyika wanatambuana, na wenye madai au deni wanajua wa kumwona. Anayetaka kujua kama taarifa ya uthamini itakubaliwa benki hahitaji lolote kati ya hayo.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya adabu. Huku kwetu mtu akijitambulisha bila kusema yeye ni wa nani na wa wapi, anaonekana anajificha au anajiona. Dada aliliogopa hilo sana. "Watasema nimejifanya mtu wa Dar," alisema. Hofu hiyo ni ya haki, nami siipuuzi. Nitarudi kwake.

Kinachopotea kwenye karatasi ya pili

Baada ya kisa cha jogoo, dada aliegemea karatasi ya pili. Hakuna mtoto, hakuna mtaa, wala jina halimo. Kwa usalama wa nyumbani haina kosa.

Lakini taarifa ya uthamini haisainiwi na "timu". Inasainiwa na mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wathamini, bodi iliyopo chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Na ikiwa ni uthamini wa fidia, taarifa hiyo huenda kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Benki, mahakama ya mirathi na halmashauri zote zinataka kujua ni nani hasa atakayesimama nyuma ya namba. Wasifu usiotaja mtu unamlazimisha msomaji kupiga simu kuuliza "ninyi ni akina nani?", na mwenye haraka hapigi. Anakwenda kwa mwingine.

Kosa la pili la karatasi hiyo ni kubwa kuliko hilo. Dada anafanya kazi peke yake, akisaidiwa na kijana mmoja wa vipimo na mwingine wa kuchapa. Kuandika "timu yetu ya wataalamu" si kuficha nyumba, ni kusema jambo ambalo halipo. Mteja atakayefika na kukuta mtaalamu mmoja ataanza kutilia shaka hata yaliyo kweli. Mtu anayelinda faragha yake ana haki ya kunyamaza juu ya jambo. Hana haki ya kulibadilisha. Mpaka huo ukiushika, maswali mengi ya wasifu yanajijibu: ukiulizwa una watoto wangapi unaweza kusema hayo si ya hapa, lakini usiandike kwamba huna.

Karatasi ya pili inafaa pale tu ambapo ofisi ina wathamini waliosajiliwa wawili au zaidi, na hata hapo majina yao yafuate chini yake. Inafaa pia kwa kibao cha mlangoni na kwenye maelezo mafupi ya WhatsApp ya biashara, maana pale msomaji ameshakufikia na anachotaka ni saa za kazi.

Uzito wa karatasi ya tatu umetoka wapi

Tulianza kwa kujiuliza swali moja kwa kila sentensi: msomaji akitaka kuihakikisha, atakwenda wapi? Jibu likiwa ni "kwa bodi", "kwa chuo" au "kwa kuiona kazi yenyewe", sentensi inabaki. Jibu likiwa ni "mtaani kwangu", inatoka. Jibu likiwa ni "hawezi", basi inatoka pia au inaandikwa upya.

Sentensi ya usajili ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, kwa hiyo tukaiweka mwanzo kabisa. Dada alitaka kuongeza namba yake ya usajili. Nilimshauri aiache kwenye fomu za zabuni na taarifa zenyewe. Jina lake kamili na jina la bodi vinatosha kwa anayetaka kuhakiki, na namba iliyotapakaa kwenye ratiba za semina inampa mwenye nia mbaya kitu cha kubandika kwenye taarifa ya kughushi. Neno "kikamilifu" nalo halikuwekwa kwa urembo, maana ndilo linalomwambia msomaji kwamba anaruhusiwa kusaini mwenyewe.

Chuo tulikitaja bila mwaka. Mwaka wa kuhitimu humwonyesha msomaji umri wako kwa makadirio ya karibu sana, na katika kazi hii hauongezi chochote. Anayetaka kuuweka aangalie jambo moja: Chuo Kikuu Ardhi kilipata hadhi ya chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 2007. Kabla ya hapo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nimewahi kupokea wasifu wa mtu aliyeandika jina la sasa pamoja na mwaka wa zamani. Hakuwa na hila yoyote, lakini msomaji makini wa zabuni anaweza kuliona hilo kama cheti kisichoeleweka.

"Tangu 2011" tuliichagua badala ya "uzoefu wa miaka kadhaa". Wasifu hukaa kwenye faili za watu kwa muda mrefu, na hesabu ya miaka huchakaa wakati mwaka wa kuanzia hauchakai. Ni kweli kwamba mwaka huo nao unadokeza umri. Tuliukubali kwa sababu anayeajiri mthamini anahitaji kujua urefu wa kazi, na gharama yake kwa faragha ni ndogo. Ndivyo inavyokwenda: kila kinachobaki kina bei, na unailipa pale tu unapopata kitu.

Hatukutaja mteja hata mmoja. Dada alikuwa na fahari, na alistahili, ya benki mbili alizozifanyia kazi. Lakini mkopo wa mtu na nyumba aliyoiweka rehani ni siri ya watu wengine, na mji wetu ni mdogo. Ukisema umefanyia benki fulani kazi kwenye mtaa fulani, watu watatu wanajijua. Tukaandika aina ya kazi: mikopo, mirathi, fidia. Msomaji wa benki akiona "mikopo ya benki" anaelewa kwamba huyu anajua taarifa inavyotakiwa kuwa.

Ile sentensi ya kuhesabu mazao ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo inayojibu ile hofu ya kuonekana umejitenga. Mkulima wa Tandahimba akisikia kwamba mthamini huyu huhesabu mikorosho yeye akiwepo, na mtendaji au mwenyekiti wa kijiji akiwepo, amepata jambo kubwa kuliko kujua baba yake dada ni nani. Amejua atatendewaje. Na akisikia Kimakonde, moyo unatulia.

Kuhusu hicho Kimakonde tulibishana kidogo. Dada alisema kinatoa kabila, na kabila ni la nyumbani. Nikamwambia lugha hapa ni chombo cha kazi kama futi kamba, maana bibi asiyejua vizuri Kiswahili cha fomu anahitaji kueleza mti upi ulizaa na upi ulikufa. Wapo wanaokizungumza ambao si Wamakonde. Tukakiacha. Angekuwa mhasibu wa ofisi za mjini tu, ningekitoa.

Jaribio la bodaboda

Kuandika ni jambo moja, na kujua kama umevuja ni jingine. Nina kipimo changu ambacho hakihitaji mtambo wowote. Nilitoka na karatasi mbili, ya kwanza na ya tatu, nikaenda kijiweni kwa dereva wa bodaboda ninayemwamini. Sikumpa karatasi wala jina. Nilimsomea mambo tu.

"Kaka, kuna mama mmoja, mumewe ofisa wa bandari, wana watoto watatu, mdogo yuko darasa la pili, wanakaa Shangani, mama kazi yake uthamini. Ungenifikisha?"

"Panda," alisema. "Nauliza dukani mara moja tu."

Nikamsomea ya tatu. Alifikiri kidogo. "Huyu mpaka umpigie simu."

Hicho ndicho tunachokitaka. Angalia kwamba hakuna jambo hata moja kwenye karatasi ya kwanza ambalo peke yake lilikuwa anwani. Shangani ina watu wengi, maofisa wa bandari ni wengi, na watoto wa darasa la pili wamejaa. Yakikaa pamoja ndipo yanapobanana mpaka yanabaki mlango mmoja. Kwa hiyo mtu asijidanganye kwamba "nimetaja mtaa tu". Swali ni mtaa huo umekaa jirani na nini. Katika mji wa ukubwa wetu mambo mawili yanatosha. Kijijini, au Mikindani, hata moja linaweza kutosha. Ndiyo sababu karatasi ya tatu inasema "mikoa ya Mtwara na Lindi": hilo ni eneo la kazi, na ni pana.

Yanayovuja bila kuandikwa

Tulipomaliza maneno nilimuuliza dada simu ya ofisi ni ipi. Akanitajia. Nikaanza kumtumia shilingi 1,000 kwa simu, na kabla sijathibitisha jina likatokea: jina kamili la mumewe. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mume siku nyingi, na hakuna aliyekumbuka. Tulikuwa tumemtoa mume kwenye karatasi kwa mlango wa mbele, naye amerudi kwa dirishani. Kila mtu anayetaka kuweka namba kwenye wasifu amwombe rafiki afanye jaribio hilo. Dada alisajili laini mpya kwa jina lake, ya kazi peke yake, na huizima saa kumi na mbili jioni.

Anwani nayo ina mtego wake, hasa kwa anayefanyia kazi nyumbani. Siku hizi mitaa ina majina na nyumba zina namba, na anwani ya makazi inamfikisha mgeni mlangoni bila kuuliza. Kwenye wasifu weka sanduku la posta. Fomu za leseni, za kodi na za zabuni zitadai mahali halisi pa biashara, nawe utajaza kwa ukweli, kwa sababu zile zinabaki kwa mamlaka zilizoziomba. Wasifu unapigwa picha na kusambazwa. Usihamishe jibu la fomu kuliweka kwenye wasifu kwa sababu tu tayari umeshaliandika.

Tarehe ya kuzaliwa na majina ya mama yanahitaji neno la peke yake, maana karatasi ya kwanza ilikuwa na mwaka na jina la marehemu mama. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Na mtu anayeitafuta namba yake mtandaoni huulizwa majina yake, tarehe ya kuzaliwa, na majina ya mama yake. Namba hiyo ndiyo tunayosajilia laini na kufungulia akaunti. Mwaka na jina la mama ukiviweka kwenye ratiba ya semina, na rafiki akakutakia heri ya kuzaliwa hadharani, umeshamaliza kujibu maswali yote kwa niaba ya tapeli.

Picha tuliipiga ukutani ofisini. Ile ya kwanza ilikuwa getini, na gari la familia nyuma yake likiwa na namba zake zote. Kama picha imepigwa kwa simu yenye kuhifadhi mahali, basi mahali hapo pamo ndani ya faili. WhatsApp huyaondoa maelezo hayo picha ikitumwa kama picha, lakini ikitumwa kama dokumenti yanakwenda nayo. Waandaaji wa semina hupenda kuomba dokumenti ili picha isififie. Zima kwanza huduma ya mahali kwenye kamera, ndipo upige.

Basi nichague upi?

Mimi ningechagua wa tatu kwa mtu yeyote ambaye sahihi yake inaamua fedha, ardhi au kesi ya mwingine, na ningeufanya ndio wasifu wake wa siku zote. Wa kwanza una mahali pake: kwenye sherehe, kwenye mambo ya ukoo, na kwa anayegombea uongozi wa kuchaguliwa, maana wapiga kura wana haki ya kujua anatoka wapi na anaishi kwao au la. Hata mgombea ningemshauri awaache watoto nje. Wa pili nimeshasema, ni wa ofisi yenye watu kweli.

Tatizo ni kwamba watu watakuomba wa kwanza hata wakihitaji wa tatu. Mwandaaji wa semina ile alimpa dada fomu yenye nafasi ya "hali ya ndoa" na "idadi ya watoto", naye akajaza kwa utii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na lengo mahususi, na ni vigumu kuona lengo la idadi ya watoto kwenye semina ya fidia. Huna haja ya kugombana. Nafasi hiyo iache wazi, na ambatisha wasifu wako. Katika wote niliowaandikia, sijasikia hata mmoja aliyerudishiwa fomu kwa ajili hiyo. Dada alimwomba mwandaaji aiondoe ratiba ya zamani mahali alipoiweka, naye aliiondoa siku hiyohiyo kwa ustaarabu. Zile picha zilizokwisha kuingia kwenye simu za watu hakuna wa kuziondoa.

Anayebaki ni mshereheshaji. Huyu ndiye anayevujisha kuliko karatasi zote, na anafanya hivyo kwa upendo. Ukimpa wasifu wa maneno themanini, ataona mrefu, ataufupisha kwa kichwa chake, na nafasi iliyobaki ataijaza kwa anayoyajua: "mama wa watoto watatu, jirani yangu pale Shangani!" Kwa hiyo tulimwandalia dada karatasi ndogo ya kumpa mshereheshaji mkononi, kwa maandishi makubwa, fupi kiasi kwamba hakuna cha kukata. Juu yake tuliandika, "Tafadhali soma kama ilivyo." Chini yake ni haya:

> Bi. Fulani ni mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Tangu 2011 anathamini nyumba na mashamba katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Leo ataeleza jinsi mikorosho inavyohesabiwa, na mwenye shamba asimame wapi wakati wa kuhesabu.

Sentensi ya mwisho tunaibadilisha kila mara kulingana na mada ya siku hiyo. Mara ya kwanza iliposomwa, kwenye mkutano Tandahimba, mshereheshaji aliisoma bila kuongeza neno, na mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono kabla dada hajafika mbele. Alitaka kujua mwenye shamba asimame wapi.